Nimekatwa ada kila mwezi, sasa naambiwa muda wa kusubiri umeanza upya

Ndugu mhariri na wasomaji wenzangu,

Naomba ushauri wenu, hasa wenye uzoefu na bima ya mazishi inayokatwa moja kwa moja kwenye akaunti ya pesa ya simu.

Nilijiunga mimi na mke wangu, na ada ya kwanza ikakatwa tarehe 3 Februari. Masharti yanasema kifo cha ajali kinalipwa tangu ada ya kwanza ipokelewe, ila kifo cha maradhi kinasubiri miezi 6. Kwa hesabu hiyo, sisi wawili tulipaswa kumaliza kusubiri tarehe 3 Agosti. Tarehe 20 Aprili nikamwongeza mama yangu mzazi. Nilielezwa kwamba anayeongezwa baadaye ana muda wake mwenyewe wa kusubiri na hapandi gari letu katikati ya safari. Hilo nilikubali.

Juzi nilifungua menyu ya bima kwenye simu ili nijue mama amebakiza muda gani. Nikakuta tarehe ya kuanza bima ni 11 Juni, kwa wote watatu! Nilipopiga simu huduma kwa wateja, kijana aliyepokea akanijibu, "Bima yako iko hai, mzee, usiwe na wasiwasi." Kuwa hai sikuuliza. Bima inaweza kuwa hai, makato yakaendelea vizuri, na bado ukifiwa usilipwe kwa sababu uko ndani ya muda wa kusubiri.

Basi nikaomba taarifa kamili ya miamala, maana ujumbe mfupi wa simu hauonyeshi makato yaliyoshindikana. Makato ya Februari, Machi na Aprili yote yalipita tarehe 3. Tarehe 3 Mei kuna jaribio lililoshindikana, na safu ya salio inaonyesha pesa ilikuwepo ya kutosha na kubaki. Tarehe 3 Juni nimekatwa ada moja, tarehe 11 Juni nyingine. Julai na Agosti hazina tatizo. Nashuku Mei ilikwama kwa sababu ada ilipanda baada ya mama kuingia, ilhali idhini niliyotoa kwa namba ya siri ilikuwa ya kiasi cha zamani. Sikupata ujumbe wowote wa kuniomba idhini mpya, wala wa kunijulisha kwamba malipo yameshindikana.

Kampuni inasema hivi: ada ikichelewa, unapewa siku 30 za ziada. Kutoka tarehe 3 Mei, siku hizo ziliisha 2 Juni. Pesa ya 3 Juni ikalipia deni la Mei, ikiwa imechelewa siku moja, kwa hiyo bima ilikuwa imeshakatika. Ya 11 Juni ndiyo ya Juni, nayo ndiyo iliyoifufua. Na bima iliyofufuliwa, kwa masharti yao, inaanza kuhesabu kusubiri upya. Maana yake, hata mimi na mke wangu tunasubiri hadi 11 Desemba.

Hapo ndipo ninapogoma. Kama bima ilikatika, ile pesa ya 3 Juni waliichukua kwa ajili ya mwezi ambao wenyewe wanasema hatukuwa na kinga, basi wanirudishie. Kama Mei wameipokea na kuikubali kuwa imelipwa, basi hakuna mwezi uliokosekana, na sioni walichofufua. Hawawezi kushika yote mawili.

Mama anaumwa, na ndiyo sababu naandika kwa haraka. Naomba mnisaidie mambo haya. Kwanza, muda wake wa kusubiri unahesabiwa tangu 20 Aprili nilipomsajili, au tangu ada iliyomjumuisha ilipopokelewa kwa mara ya kwanza, yaani 3 Juni? Hati inasema tu "tangu kuanza kwa kinga," na kila ninayemuuliza pale ana tafsiri yake.

Pili, nikisimamisha makato kwa kuwashinikiza, je, sitakuwa nimewapa sababu halali ya kusema bima imekatika? Nimeamua kuendelea kulipa kwanza, ingawa inaniuma.

Tatu, nataka kuwaandikia barua ya malalamiko, nikiambatanisha taarifa ya miamala yenye lile jaribio la 3 Mei, na kudai wanijibu kwa maandishi wakitaja tarehe ya kila mmoja wetu kumaliza kusubiri. Wasipojibu, nitaipeleka kwa mamlaka inayosimamia bima. Kuna aliyewahi kufika huko kwa shauri la makato yaliyoshindikana huku salio lipo? Walitaka ushahidi gani zaidi ya taarifa ya miamala, na je, mtoa huduma wa pesa za simu alikubali kuandika kwa nini muamala ulikataliwa?

Msomaji wenu.