Tozo ikivunjwa kortini, uliza imevunjwa kwa kosa gani

Mhariri,

Siku hizi kila tozo mpya ikitangazwa, mtu husimama na kusema, "Wamevuka mamlaka, twende kortini." Mara nyingi ana haki ya kusema hivyo. Lakini mimi ni karani wa mawakili hapa Mombasa, na nimeona watu wakishinda kesi ya namna hiyo, kisha wakalipishwa tozo ileile kabla mwaka haujaisha. Waliposhinda hawakuuliza mamlaka yamevukwa kwa njia gani.

Waziri, bodi au baraza halina nguvu ya kutunga kanuni isipokuwa limepewa na sheria. Katiba yetu inasema hivyo katika kifungu cha 94(5). Chombo kinachotoka nje ya kile kilichopewa, kitendo chake ni batili, na hicho ndicho mawakili wanachokiita ultra vires. Ila kuna njia mbili za kutoka nje: kufanya jambo ambalo hukuruhusiwa kabisa, au kufanya jambo uliloruhusiwa bila kufuata hatua ulizoamriwa.

Njia ya kwanza inaonekana vizuri katika kesi ya Fulham, London, mwaka 1921. Baraza la mji lilikuwa na mamlaka ya kujenga nyumba za kufulia, ili wakazi wasio na nafasi nyumbani waje kufua nguo zao wenyewe. Baraza likaanzisha mpango ambao watu huacha nguo na wafanyakazi wa baraza huwafulia. Mahakama ilikubali kwamba baraza linaweza kufanya mambo madogo yanayoambatana na kazi yake. Lakini kumpa mtu mahali pa kufulia na kumfulia nguo ni mambo mawili, na sheria iliruhusu la kwanza tu. Baraza lingeweza kuita mikutano mia moja na bado lisingekuwa na mamlaka hayo. Dawa ilikuwa kubadilisha sheria yenyewe bungeni. Huku ndiko kuvuka mamlaka kwa maudhui.

Ya pili ni kesi ya wakulima wa uyoga, pia Uingereza, iliyoamuliwa miaka ya sabini. Sheria ilimruhusu waziri kuunda bodi ya mafunzo ya kazi inayotoza waajiri, lakini kwanza ashauriane na vyama vinavyowawakilisha. Wizara ilituma barua, na ile ya chama cha wakulima wa uyoga haikufika. Wizara ikadai kwamba imeshatimiza wajibu wake kwa kuituma. Jaji hakukubali: kushauriana ni mtu apate habari na apewe nafasi ya kujibu, na barua iliyopotea njiani haimpi nafasi hiyo. Hapa hakuna aliyesema waziri hana mamlaka ya kuunda bodi. Alikosea hatua. Hebu angalia matokeo: agizo halikufutwa lote, lilikosa nguvu kwa wakulima wa uyoga tu. Waajiri wengine walioshauriwa waliendelea kubanwa nalo.

Kwetu Kenya hatua hizo zimeandikwa katika sheria ya mwaka 2013 inayosimamia kanuni za namna hii. Kanuni ikishachapishwa, waziri anatakiwa kuifikisha bungeni ndani ya siku 7 za vikao, yaani siku ambazo Bunge limeketi kweli. Wikendi na likizo hazihesabiwi. Isipowasilishwa, inakoma kuwa na nguvu. Kwa hiyo mwenye malalamiko atafute tarehe mbili: ya kuchapishwa na ya kuwasilishwa. Lakini ajue kwamba waziri anaweza kuichapisha upya kesho na kuiwasilisha kwa wakati, na hoja hiyo ikawa imekwisha.

Wachuuzi waliokuja kwetu walitozwa kwa kila tenga la nyanya lililoingia lango la soko, hata tenga linalopita tu kwenda hotelini. Sheria mama, ile inayotoa mamlaka ya kutoza, iliruhusu ada kwa anayeuza sokoni. Sisi tukashika jambo lililokuwa rahisi kuthibitisha: hapakuwa na tangazo wala kikao cha maoni. Tozo ikavunjwa, watu wakashangilia kwenye ngazi za mahakama. Miezi minane baadaye ilirudi, kiwango kilekile, safari hii na tangazo limebandikwa langoni na orodha ya waliohudhuria kikao imetiwa saini. Tenga linalopita bado linalipishwa.

Swali la iwapo sheria mama inaruhusu kutoza mzigo usiouzwa sokoni lilikuwepo tangu mwanzo, na hatukuliweka katika ombi la kwanza. Sasa ndilo tunaloliandikia, na wachuuzi wanachanga gharama mara ya pili.

Karani wa mawakili,
Mombasa