Nisipomshtaki shemeji, nitapoteza milioni 3

Shikamoo Shangazi,

Ni saa tisa usiku. Mguu una vyuma, lakini kinachoninyima usingizi ni ile asilimia 20 ya kosa ninayobebeshwa katika ajali iliyonivunja mguu. Taa ya nyuma ya baiskeli yangu ilizimika njiani, Shangazi. Sikutoka nyumbani bila taa.

Pikapu iliharibika, ikaachwa gizani katikati ya njia bila alama ya pembetatu wala taa za dharura. Nilipotoka pembeni ili niipite, gari lililokuwa nyuma yangu likija kwa kasi likanigonga. Wakili anakadiria kuwa mahakama itampa dereva asilimia 50 ya kosa, mwenye pikapu 30, na mimi hizo 20. Hasara yangu yote ni milioni 10, kwa hiyo langu linakatwa milioni 2 na kubaki 8: dereva 5, mwenye pikapu 3. Upande wa dereva ulitaka nikatwe zaidi kwa sababu sikuvaa kofia ngumu. Wakili akawajibu kwamba kofia haizuii mguu kuvunjika, na kilichovunjika ni mguu.

Mwenye pikapu ni shemeji yangu, mume wa dada.

Nilimwambia wakili tumshtaki dereva peke yake. Akanieleza kwamba sheria inayotuhusu humdai kila mtu fungu lake tu. Dereva atamnyooshea kidole shemeji hata kama hayupo kortini, na mahakama itampangia asilimia zake 30 vilevile. Dereva hatabebeshwa fungu hilo. Nitapata 5, na zile 3 zitapotea, hakuna wa kuzilipa. Kuna sheria nyingine, anasema, ambapo ningemdai dereva zote 8, naye amgeukie shemeji kudai 3. Hata huko shemeji asingepona!

Sitaki pesa yake. Ana bima ya pikapu, lakini anasema nikimtaja bima yake itapanda na dada atateseka. Dada ndiye aliyeniogesha miezi miwili. Lakini operesheni ya kutoa vyuma bado, na milioni 3 ndiyo ya operesheni. Mimi sikumwambia aache gari gizani.

Jana, mbele ya watu, alisema kwamba ningekuwa na taa nisingegongwa. Yeye mwenye 30 ananiambia hivyo mimi mwenye 20! Taa ilizimika njiani, nimemweleza mara ngapi?

Upande wa dereva unataka kunilipa milioni 4 nisaini yaishe, na karatasi inasema nawasamehe "wote wanaohusika". Nikisaini, shemeji naye ametoka. Dada anaona ni heri. Wakili anasema nisisaini maneno hayo. Jibu wanalitaka Ijumaa.

Shangazi, nikimweka shemeji kwenye kesi, dada nimwambie mimi kabla barua haijamfikia mumewe, au nimwache wakili aseme?