Niliongea mbele ya daktari bingwa, sasa naambiwa niandike vingine

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni muuguzi katika hospitali moja hapa Mombasa, wodi ya wanawake, na mara nyingi hupangiwa zamu ya usiku. Jina la hospitali naomba nilihifadhi. Ushauri ninaoutaka si wa dawa, lakini shida yangu haielezeki bila dawa yenyewe, kwa hivyo nivumilie kidogo.

Tulikuwa na mgonjwa, ajuza, moyo wake umechoka na unapiga bila mpangilio. Kwa muda mrefu amekuwa akitumia digoksini, dawa inayoupunguzia moyo kasi na kuupa nguvu ya kusukuma damu. Vidonge tulivyonavyo wodini ni vya miligramu 0.25. Yeye ni mtu mzima sana na figo zake hazichuji vizuri, kwa hivyo daktari wa kliniki alimpa miligramu 0.125, yaani nusu kidonge, mara moja kwa siku. Alipolazwa, aliyempokea hakuandika miligramu. Aliandika "½" tu mbele ya jina la dawa. Karatasi ya dawa ilipojaa ikaandikwa nyingine, na kwenye ile mpya nusu ikageuka kuwa moja.

Hapo ndipo penye mtego. Miligramu 0.25 ni kipimo cha kawaida kwa mtu mzima mwenye figo nzuri. Ingekuwa vidonge kumi, hata mwanafunzi angeuliza. Lakini kidonge kimoja cha digoksini hakimshtui mtu, wauguzi wa zamu mbalimbali wakampa na kutia sahihi, kila mmoja akifuata kilichoandikwa.

Mimi nilikuwa mapumzikoni. Usiku niliorudi nilimkuta mama hataki hata uji, anatapika, na anamwambia binti yake kwamba taa ya wodi imekuwa ya manjano. Binti alidhani ni usingizi. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kumpa dawa, nilimwekea stetoskopu kifuani nikahesabu dakika nzima, kwa sababu moyo unaopiga ovyo ukiupima mkononi baadhi ya mapigo hayafiki kwenye vidole vyako. Nilipata 46. Mtu mzima akiwa chini ya 60 digoksini huzuiwa na daktari huarifiwa, basi nikaizuia, nikaandika, nikampigia intani aliyekuwa zamu. Akasema tusubiri raundi. Kichwani mwangu nilidhani ni dawa ya kukojoza, maana furosemaidi hupunguza potasiamu mwilini, na potasiamu ikishuka digoksini inakuwa kali hata kama kipimo ni kilekile.

Zamu yangu iliisha saa moja, lakini nilibaki. Kwenye raundi intani akasoma mbele ya daktari bingwa: digoksini 0.25, mara moja kwa siku. Kusikia kwa sauti si sawa na kuona kwa macho, Shangazi. Usiku ule nilikuwa nimeipitia kadi ya kliniki ambayo binti aliiweka chini ya mto pamoja na kadi ya bima, na nilikumbuka nimeona 0.125. Nikasema, "Daktari, samahani, kabla hatujaenda kitanda kingine. Kadi ya kliniki inasema nusu ya hiyo."

Kimya. Sista inchaji akanikata jicho. Intani akasema pengine kliniki walibadilisha. Nikamwomba binti kadi, nikamkabidhi daktari mkononi, kisha nikaomba na karatasi ya dawa ya kwanza, ile iliyojaa, ambayo ilikuwa bado nyuma ya faili. Daktari akaziweka pamoja juu ya kitanda akatazama. Hakupandisha sauti. Aliagiza dawa isimamishwe, ipigwe ECG, damu ipimwe potasiamu na figo, na mama afuatiliwe kwa karibu, kwa sababu kwa figo kama zake digoksini huchukua siku kadhaa kutoka mwilini. Hakuna kuisafisha kwa dripu. Majibu yalirudi potasiamu iko chini, ikaongezwa taratibu. Mapigo yalipanda polepole, na siku zilizofuata akaanza kuomba chai. Alhamdulillahi, yuko hai.

Sasa njoo kwenye langu.

Baada ya raundi sista inchaji aliniita ofisini. Aliniambia nimemwaibisha intani mbele ya jamaa za mgonjwa, na kwamba ningengoja nimwambie faraghani. Hilo nalielewa kidogo, ingawa sijui ningengoja hadi lini na raundi inahamia kitanda cha pili. Lililonisumbua ni la pili. Alitaka kwenye ripoti yangu niandike kwamba dawa imesimamishwa "kwa sababu ya mapigo kushuka", nisitaje kipimo. Ni kweli mapigo yalishuka. Lakini atakayesoma faili lile baadaye ataona mama ambaye mwili wake umeikataa digoksini, na huenda akamnyima dawa ambayo kwa nusu kidonge ilikuwa ikimfaa miaka yote. Tena ile "½" itaendelea kuandikwa kwa wagonjwa wengine.

Niliandika nilichokiona: kipimo cha kadi, kipimo cha karatasi ya kwanza, kipimo cha karatasi ya pili, mapigo, saa. Sikuandika jina la mtu. Inchaji hakufurahi. Kuna pia fomu ya makosa ya dawa, ambayo Bodi ya Dawa na Sumu huipokea, na lengo lake ni kujua kosa lilipitia wapi, si kumtafuta wa kufukuzwa. Hiyo bado sijaijaza. Naiogopa, sitaki kukuficha.

Sababu ni shoga yangu. Tulisoma chuo kimoja, tunapanda feri pamoja kwenda Likoni, watoto wetu wanalala nyumba moja tukiwa kazini. Sahihi zake ziko kwenye karatasi ile, zaidi ya za mwingine yeyote. Yeye yuko kwa mkataba, na mkataba unakaribia kuisha. Aliniuliza, "Wewe ungetaka nikufanyie hivyo?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia fomu haitaji majina; akanijibu kwamba sahihi zipo kwenye faili na kila mtu wodini anaijua mikono yetu. Ni kweli. Tangu hapo anapanda feri mapema.

Na kuna binti wa mgonjwa. Alikuwepo kwenye raundi, alisikia neno "nusu". Juzi alinishika mkono akaniuliza, "Sista, mamangu alikuwa anapewa dawa mbilimbili?" Nilimwambia daktari atamweleza. Daktari bingwa, kwa ninavyojua, bado hajaketi naye, na inchaji ametuagiza tukiulizwa tuseme ni figo. Figo zimo, lakini si figo zilizoandika kidonge kimoja.

Mama ataruhusiwa wiki hii inayokuja. Naomba unishauri mambo haya. Nikamfuate daktari bingwa mwenyewe, nikimruka inchaji, nimwombe azungumze na binti kabla hawajaondoka, au nitakuwa nimejichimbia? Fomu niijaze nikiwa nimemwambia shoga yangu kwanza, hata akinikasirikia, au nimwombe tuijaze sote wawili, yeye aeleze jinsi karatasi ilivyosomeka alipoishika? Hili la pili ndilo ninaloliegemea, ila sijui nitamwanzaje mtu asiyetaka hata kuketi nami.

Ni mimi,
Muuguzi wa usiku, Mombasa