Binamu, namba kujirudia sio ushahidi wa wizi

Binamu,

Ile voisi noti yako nimeisikiliza mpaka mwisho, na kwa kuwa najua umeshairusha kwenye magrupu yote ya ukoo nakujibu hapa hapa hadharani ili wengine nao wasome. Unasema Wajerumani walinaswa peupe, namba sita zilezile zilitoka mara mbili kwenye bahati nasibu yao, na uwezekano wa kitu kama hicho ni 1 kwa karibu milioni 14 kwahiyo lazima kuna mkono wa mtu. Sawa. Tukio lenyewe ni la kweli, sikubishii. Tarehe 20 Desemba 1986 zilitoka 15, 25, 27, 30, 42 na 48, halafu tarehe 21 Juni 1995 zikatoka tena hizo hizo zote sita. Ilikuwa droo ya 3016 na ndo ilikuwa mara ya kwanza seti nzima kujirudia tangu mchezo uanze mwaka 1955. Hiyo milioni 14 nayo iko sahihi, ukichagua namba 6 kati ya 49 bila kujali ipi imetangulia kutoka unapata seti 13,983,816. Umekosea sehemu moja tu, hiyo namba inajibu swali lingine, sio hilo unalouliza wewe.

Manake hapa kuna maswali matatu na watu wanayachanganya. La kwanza, droo ya leo usiku itoe seti moja ambayo nimeshaitaja kabla, tuseme hiyo ya Desemba 1986. Hapo ndo 1 kwa 13,983,816, hakuna mjadala. La pili, droo ya leo ifanane na droo yoyote iliyowahi kutoka. Sasa hapa mambo yanabadilika, kwasababu ile jioni ya Juni nyuma kulikuwa na droo 3015, zote na seti zao tofauti, na kugonga mojawapo yoyote kungetosha kuandikwa kwenye magazeti, kwahiyo uwezekano ni 3015 gawanya kwa 13,983,816, yani kama 1 kwa 4,638. Bado ni mdogo ila umeshaona tumeshuka kutoka mamilioni mpaka maelfu bila mtu kugusa mashine. La tatu ndo lenyewe: katika historia nzima ya droo 3016, kuna mbili zozote, mahali popote, zinazofanana? Hakuna mtu alikaa mwaka 1986 akasema jamani iangalieni seti hii, itarudi. Seti ilichaguliwa baada ya kujirudia, na hata ingejirudia ya 1962 na ya 1979 wewe ungenitumia voisi noti ileile.

Hili swali la tatu ndo fumbo la siku ya kuzaliwa. Nadhani ulishawahi kulisikia: chukua watu 23 tu, uwezekano wa kupata wawili waliozaliwa tarehe moja unapita nusu, ni kama asilimia 50.7. Watu wengi wanagoma kwasababu kichwani wanajiweka wenyewe katikati, wanajiuliza katika hawa 22 nani amezaliwa siku yangu, na kweli huyo ni mgumu kumpata. Lakini swali halikuwa juu yako. Waambie hao 23 wapeane mikono, kila mtu na kila mtu, uhesabu mikono mingapi imeshikwa. Wa kwanza anashika 22, wa pili amebakiwa na 21 wapya, hivyo hivyo mpaka mwisho, unapata 253. Kila mkono ni nafasi moja ya tarehe kugongana na siku za mwaka ni 365 tu, sa hapo ajabu iko wapi.

Rudi Ujerumani sasa. Badala ya watu weka droo, badala ya tarehe weka seti. Droo 3016, kila moja inalinganishwa na kila nyingine: 3016 mara 3015 unapata 9,093,240, gawanya kwa 2 kwasababu kulinganisha ya kwanza na ya pili ndo kulekule kulinganisha ya pili na ya kwanza, unabaki na jozi 4,546,620. Jozi milioni nne na nusu binamu! Na kila jozi ina uwezekano wa 1 kwa 13,983,816 wa kufanana. Gawanya, unapata karibu 0.325.

Hapo usikimbilie kusema uwezekano ni asilimia 32.5, watu wengi wanateleza hapo. Hiyo 0.325 ni wastani wa idadi ya marudio unayoyategemea kwa droo nyingi kiasi hicho, na ndani ya wastani huo kuna historia zenye marudio mawili au matatu ambazo zimehesabiwa mara mbili au tatu. Ukitaka uwezekano wa kupata angalau moja, tafuta kwanza uwezekano wa kutokupata kabisa, ambao kwa tukio adimu lenye nafasi nyingi namna hii ni e, ile namba ya hisabati ya karibu 2.718, kwa kipeo cha hasi 0.325, inakuja kama 0.72. Toa kwenye 1 inabaki 0.28. Asilimia 28, yani zaidi kidogo ya 1 kwa 4. Ndo hicho kitu ulichokiita hakiwezekani.

Na ona kinachosukuma hesabu. Jozi haziongezeki sawa na droo, zinaongezeka kwa mraba, ukiongeza droo mara tatu jozi zinakua karibu mara tisa. Droo 1,000 zina jozi 499,500, hapo uwezekano wa marudio haufiki hata asilimia 4, ndo maana mchezo ukiwa mchanga watu hawaoni kitu wanazoea kwamba seti huwa hazirudi. Ukifika droo 4,404 umeshavuka nusu kwa nusu. Kwa mchezo wenye droo mbili kwa wiki hiyo ni miaka 42 na kitu, na hapo nazungumzia mchezo mmoja tu, wakati duniani iko mingi na mingine ina seti chache zaidi. Kwahiyo habari ya marudio kutokea sehemu fulani ni lazima tu ije, na wewe ukiipata utanitumia, nakujua.

Sasa najua utanirukia na Bulgaria, na hapo una hoja kidogo. Tarehe 6 Septemba 2009 zilitoka 4, 15, 23, 24, 35 na 42, na tarehe 10 Septemba, droo iliyofuata hiyo hiyo, zikatoka tena. Serikali yao iliagiza uchunguzi na mimi siwalaumu. Mchezo wao ni namba 6 kati ya 42, una seti 5,245,786, lakini fumbo la siku ya kuzaliwa halikusaidii sana hapa, kwasababu ukisema lazima zifuatane jozi zinapukutika, kila droo inalinganishwa na ile iliyoitangulia basi. Droo 3016 zingekuwa na jozi 3,015 tu za kufuatana badala ya milioni nne na nusu. Kwa mchezo mmoja wa droo mbili kwa wiki ungesubiri kwa wastani miaka kama 50,000.

Kinachopunguza makali ni wingi wa michezo. Tuseme tu kwa mfano, ipo 200 ya ukubwa huo inachezeshwa mara mbili kwa wiki kwa miaka 30. Hizo ni nafasi 624,000 za droo kufanana na ya nyuma yake, na uwezekano wa kupata angalau moja unakuja kwenye asilimia 11 hivi. Sio kitu cha kawaida, ila sio muujiza pia. Kwangu mimi Bulgaria ilistahili kukaguliwa, Ujerumani haikustahili hata kikao.

Unataka kujua wizi unaonekanaje kwenye hesabu? Usiangalie kama kuna marudio, angalia yako mangapi ukilinganisha na yaliyotegemewa. Kwa hiyo hiyo Ujerumani na 0.325 yake, kupata mawili au zaidi ni kama asilimia 4, kupata matatu au zaidi ni chini ya nusu ya asilimia 1. Ungeniletea orodha yenye marudio matano ningeamka kitandani. Ingekuwa dalili kwamba seti zinazotoka kweli ni chache kuliko tulivyoambiwa, labda mipira haiko sawa uzito au programu inarudia namba zake. Mipira isiyo sawa siku zote inasukuma marudio juu, haishushi, kama ilivyo kwa tarehe za kuzaliwa, zikirundikana miezi fulani kugongana kunakuwa rahisi zaidi.

Ila hata hapo usitegemee sana kumkamata mwizi kwa njia hii. Eddie Tipton, aliyekuwa mkuu wa usalama wa mifumo kwenye shirika la bahati nasibu la majimbo kadhaa ya Marekani, alichomeka maelekezo ya siri kwenye programu ya kuchagulia namba ili siku chache za mwaka aweze kubashiri, na hakuna seti iliyojirudia ndo ikamuumbua. Kilichomuumbua ni video ya dukani akinunua tiketi mwezi Desemba 2010, tiketi ya dola milioni 16.5. Mwaka 2017 akakiri, akahukumiwa kifungo kinachoweza kufika miaka 25. Mwizi mwenye akili hatoi seti ileile mara mbili bana, ndo kitu cha kwanza watu wataona.

La mwisho ni huo mpango wako wa kucheza zile namba za Wajerumani kwasababu eti zina mguu mwepesi. Yote niliyokuhesabia hapo juu ni ya jozi za droo, tiketi yako iko kwenye swali la kwanza bado, 1 kwa 13,983,816, iwe umeandika 15, 25, 27, 30, 42, 48 au 1 mpaka 6. Uwezekano ni uleule. Kinachobadilika ni mgao. Seti ikishatangazwa sana watu wengi wanaicheza, na zawadi kubwa ikigawanywa kati ya washindi unabaki na kipande. Bulgaria ile droo ya kwanza hakuna aliyepata zote sita, ya pili walipata watu 18 kwa mpigo, na dau likagawanywa vipande 18.