Saa tatu ya Tokyo ni saa tisa usiku ya Moshi

Arusha

Ndugu yangu Baraka,

Salamu kwako, kwa mama na watoto. Huku hatujambo, ila goti langu bado linalalamika kila nikishuka mlima. Nimefurahi kusikia umepata namba ya kukimbia marathoni ya Tokyo. Ulivyoandika kwamba utafika Alhamisi, upumzike siku mbili, Jumapili ukimbie, ndipo nikaona nikuandikie haraka kabla hujalipa tiketi. Ndivyo nilivyofanya mimi.

Tokyo wametutangulia saa sita. Marathoni yao inaanza saa tatu na dakika kumi asubuhi, na wakati huo Moshi ni saa tisa na dakika kumi usiku. Wewe huamka saa kumi na moja na nusu. Mwili wako hupoa kabisa kama saa mbili au tatu kabla ya kuamka, yaani kwenye saa tisa usiku hiyohiyo. Ukifika bila kuzoea, bunduki italia mwili ukiwa katikati ya usingizi wake mzito. Mwili huzoea kama saa moja tu kwa siku ukielekea mashariki, kwa hiyo siku mbili hazitoshi. Fika Jumatatu jioni.

Sasa kosa langu kubwa. Nilidhani dawa ni kuamka na jua la kwao, basi kila alfajiri nikatoka kunyoosha miguu. Kumbe mwanga hufanya kazi kinyume kutegemea umekupata wakati gani. Ukikupata baada ya ile saa ya baridi ya mwili, unaisogeza saa yako mbele, kuelekea Tokyo. Ukikupata kabla yake, unairudisha nyuma. Saa yangu ya baridi ilikuwa saa tatu asubuhi ya Tokyo, nami nikitoka saa kumi na mbili na nusu! Nilikuwa nairudisha kwa bidii zote.

Kwa hiyo Jumanne funga mapazia, na ukilazimika kutoka vaa kofia na miwani ya jua mpaka saa tatu na nusu hivi. Kisha tembea nje mpaka adhuhuri. Jumatano toka mapema zaidi kwa saa moja, Alhamisi vivyo hivyo. Ijumaa ndipo alfajiri inakuwa rafiki yako. Mambo yakienda hivyo, Jumapili ile saa ya baridi itakuwa kwenye saa kumi usiku, na utaanza mbio ukiwa macho kweli. Si wote wanaozoea kwa mwendo mmoja, ndiyo maana ile nusu saa nimeiongeza.

Mazoezi ya siku tatu za kwanza yaweke saa kumi jioni. Nyumbani hapo ni saa nne asubuhi, mwili upo tayari. Kimbia taratibu tu. Mapigo ya moyo yakiwa juu kuliko kawaida kwa mwendo uleule unaoujua, rudi hotelini, usijaribu kuyazoesha.

Tumbo nalo lina saa yake. Mwanga ndio unaoisogeza saa ya kichwani, lakini ini na utumbo husikiliza zaidi sahani. Chakula chako cha jioni cha saa moja huko kwao ni saa saba usiku, na kweli nilikuwa naamka wakati huo na njaa ya mkulima. Nikashuka kwenye kile kiduka kisichofungwa, nikala wali wao uliofinyangwa na kufungwa kwa mwani, vipande vitatu. Asubuhi sikuweza kumeza hata ndizi. Wewe kunywa maji, ulale tena gizani. Kula asubuhi kwa saa zao tangu Jumanne, hata kama ni mkate na chai tu, mlo mkubwa uwe mchana, na ukishakula jioni basi.

Kifungua kinywa cha siku ya mbio kitakuwa saa kumi na mbili, ambayo kwetu ni saa sita usiku. Kifanyie mazoezi kuanzia Alhamisi, chakula kilekile, saa ileile. Nakuambia hivi kwa sababu ya choo. Mwili uliozoea kwenda saa kumi na mbili asubuhi Moshi utakuita saa sita mchana Tokyo, yaani ukiwa barabarani. Mimi uliniita kwenye kilomita ya ishirini na tisa, na sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Kahawa usinywe baada ya saa sita mchana, hata kama ni ya Kilimanjaro umeibeba mwenyewe. Ukipitia Doha usibadilishe saa ya mkononi, wako sawa na sisi. Ibadilishe ukipanda ndege ya pili.

Nitumie tarehe za tiketi kabla hujalipa, tuzihesabu pamoja.

Wako,
Elia