Kabla hujasaini

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na uniwie radhi nimekawia kujibu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema kazi mpya itakuongezea asilimia 30, ila ni mwendo wa saa moja na nusu kutoka mlangoni kwako, na hii uliyo nayo unaifikia kwa robo saa. Mwaka ule nilipoitwa kazi ya mbali, mimi nilitazama mshahara tu. Wewe tupige hesabu kwanza.

Tuseme sasa unapokea 100 mkononi, na kule utapokea 130. Hakikisha hiyo 130 ni baada ya makato, kwa sababu pale kodi inapopanda kwa ngazi, nyongeza ndiyo inayokatwa kwa kiwango cha juu. Toa nauli, tuseme 12. Toa 10 za kumlipa mtu wa kumchukua mtoto shuleni na kukaa naye mpaka urudi. Zimebaki 108.

Sasa tuhesabu saa. Siku 22 za kazi, saa 8 kila siku, ni saa 176 kwa mwezi. Ukiongeza njia ya kwenda na kurudi, kazi ya karibu inakuchukulia saa 187 na ya mbali saa 242. Ukigawa, kila saa unayokuwa nje ya nyumba kwa ajili ya kazi inakulipa 0.53 hapa na 0.45 kule. Ili zilingane, kule wangekupa kama 151 mkononi. Saa 66 za njiani peke yake ni zaidi ya siku nane za kazi, na hazilipwi na mtu.

Hata hivyo sikwambii ukatae. Kama kila mwezi unakopa ili kodi ya nyumba itimie, hizo 8 zinazozidi ni pesa ya kweli, na mwenye nyumba hapokei saa. Lakini kama zitaishia kwenye vitu vidogo vidogo vya kujiliwaza kwa uchovu, kama zilivyoishia zangu, basi mtoto atakukosa bure.

Na nauli siyo iliyoniumiza. Siku moja saa nne asubuhi nilipigiwa simu kwamba mwanangu ana homa. Niliondoka kazini papo hapo, nikafika saa sita na nusu. Nilimkuta amelala kwenye benchi, sweta limekunjwa chini ya kichwa, viatu bado miguuni. Hakulia. Aliniuliza tu, "Ulikuwa mbali sana?" Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, jiulize ni nani anaweza kufika shuleni ndani ya nusu saa, na umwombe mtu huyo kwa kinywa, akubali. Usimhesabu dada yako kimoyomoyo wakati mwenyewe hana habari.

Halafu ifanye hiyo safari kabla ya kusaini. Usiende Jumapili, barabara ni nyeupe, itakudanganya. Nenda Jumatatu kwa saa ileile ya kazi, urudi jioni saa ileile ya kutoka, na ikiwezekana rudia siku nyingine mbili. Andika ulipofunga mlango wa nyumbani na ulipofika mlango wa ofisi. Kisha panga maisha kwa siku iliyokuwa mbaya kuliko zote, kwa maana shule haifungi kwa wastani wako. Mimi wastani wangu ulikuwa mzuri. Siku mbili za foleni kwa wiki ndizo zilizokuwa zinamwacha mtoto getini na mlinzi.

Kama moyo wako bado uko kule, kuna jambo moja la kuwaomba sasa, wakati wao ndio wanaokutaka: siku mbili kwa wiki ufanyie kazi nyumbani. Utasafiri siku 13 kwa mwezi badala ya 22. Nauli inashuka hadi 7, malezi hadi 6, unabaki na 117 kwa saa 215. Hiyo ni 0.54, imeipita kidogo kazi ya karibu. Unaona ombi moja lilivyogeuza hesabu nzima? Ila liingie kwenye mkataba. Mimi niliahidiwa kwa mdomo, na bosi alipobadilika ahadi ikaondoka naye. Uliza pia kama siku hizo zinaanza mara moja au baada ya kipindi cha majaribio, maana miezi ile ya mwanzo ndiyo mtoto atakuwa anazoea.

Jumatatu ukishaifanya hiyo safari, niandikie ulitoka saa ngapi na ulirudi saa ngapi, na kama ulimkuta mtoto yuko macho.

Wako akupendaye,
Mama Salma