Tusiwachague wanariadha watoto kwa muda wa mbio pekee

Mhariri,

Mvulana wa miaka 13 aliyebalehe mapema humshinda mwenzake kwa sababu tayari ana miguu mirefu na misuli. Mwenzake akibalehe miaka miwili baadaye, pengo hupungua au hutoweka, lakini huwa ameshaachwa nje ya timu. Inaniuma sana.

Mshindi naye hukimbizwa mita 400 tu mwaka mzima huku mifupa ikirefuka. Akilalamika maumivu chini kidogo ya goti, pale kano inaposhika mfupa wa muundi, apunguziwe mbio na miruko, asiambiwe avumilie.

Makocha, pimeni kimo kila miezi mitatu. Kikipanda ghafla, punguzeni mazoezi, na msimhukumu yeyote kwa matokeo ya msimu huo.

Kocha wa vijana